Jua la asubuhi halimtibu mtoto wa manjano, ila litakuonyesha rangi yake

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kulikimbia jua. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo hewa inavyopoa na mwanga unavyofifia. Chumba cha ndani kabisa ndicho anachowekwa mzazi na mwanawe wakae arobaini yao. Ni chumba kizuri kwa mtu aliyechoka. Lakini kumtazama mtoto rangi mle, chini ya balbu ya manjano na ukutani kumening'inia leso, ni kama kuchagua uzi wa kushonea usiku.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa muuguzi wa watoto wachanga huku Pwani kwa miaka mingi, na watoto wengi wa manjano niliowapokea wakiwa wamechelewa hawakuchelewa kwa uzembe. Walipendwa na wakaangaliwa kila saa. Ila waliangaliwa gizani, na walipotolewa nje walitolewa kwa sababu isiyo sahihi: watibiwe na jua.

Nitamtumia mtoto mmoja kueleza. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asitambulike. Alikuwa wa kiume, kifungua mimba, wa mtaa wa Langoni. Alizaliwa Alhamisi saa mbili usiku, mimba ikiwa ya wiki 37, akiwa na kilo 2.8. Alilia vizuri, akashika ziwa, na Ijumaa saa kumi na moja jioni akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa vitanda vilikuwa vinahitajika. Hapo alikuwa na umri wa saa 21.

Jumamosi alasiri mamake akaona macho yake yana rangi. Nyanya mtu akatazama, akatulia. "Watoto wote hawa huwa hivyo," akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo. Kesho tutamtoa jua la asubuhi."

Nyanya hakukosea katika neno lake la kwanza. Zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa kwa siku zao hupata umanjano katika wiki ya kwanza, na kwa wanaozaliwa njiti ni wengi zaidi. Huu si ule ugonjwa wa homa ya manjano unaoambukizwa na mbu. Majina yamefanana tu, na hospitalini wengi huuita jondisi ili kuondoa utata. Kujua kwa nini unatokea kutatusaidia kujua ni wakati gani hauko tena katika ukawaida wake.

Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kwa shida kuliko sisi tunaovuta hewa, kwa hiyo hujilimbikizia damu nzito yenye chembe nyekundu nyingi. Akizaliwa na kuanza kupumua, nyingi hazina kazi tena. Isitoshe, chembe zake huishi siku 70 hadi 90 tu, ilhali za mtu mzima hufika siku 120. Zinapovunjika, ile rangi nyekundu hugeuka kuwa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Mabadiliko hayo hayo umeyaona kwenye ngozi yako ulipojigonga: mahali pale huwa pekundu, kisha zambarau, kisha kijani, na mwisho manjano kabla ya kurudi kawaida.

Bilirubini ikiwa mbichi namna hiyo haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta. Kwa hiyo haiwezi kutoka kwa mkojo. Lazima ini liishike, liiunganishe na kitu kitokanacho na sukari, ndipo ikubali maji, iingie kwenye nyongo na kutolewa kwa choo. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo katika ini la mtoto mchanga hakina hata nguvu ya sehemu 2 kwa 100 ya kile cha mtu mzima. Ni chombo kinachovuja huku anayefua maji ni mtoto. Kwa siku chache maji yatapanda tu, kisha mkono utapata nguvu na yatashuka.

Ndiyo maana umanjano wa kawaida una ratiba. Hauonekani katika saa 24 za kwanza. Huanza siku ya pili au ya tatu, hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hupungua na kwisha ndani ya wiki mbili. Kwa njiti huweza kwenda hadi wiki tatu. Huanzia usoni na kuteremka kuelekea kifua, tumbo, mapaja, na mwisho nyayo. Na muda wote huo mtoto mwenyewe ni mzima: huamka kudai ziwa, hunyonya kwa nguvu, hukojoa, na choo chake hubadilika kutoka kile cheusi cha kwanza hadi manjano ya haradali.

Hapa nina neno kuhusu kuhesabu siku. Sisi siku yetu huanza magharibi. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku nyanyake atakuambia amezaliwa usiku wa Ijumaa, na Ijumaa ikiingia jioni keshaitwa mtoto wa siku ya pili. Hospitali haihesabu hivyo. Inahesabu saa tangu alipotoka. Umanjano unaoonekana mtoto akiwa na saa 23 ni jambo la dharura hata kama kwa hesabu ya nyumbani ni siku ya pili, kwa sababu ini changa peke yake haliwezi kumfanya mtoto awe wa manjano haraka hivyo. Kitu kinavunja damu yake kwa kasi, mara nyingi kutolingana kwa damu yake na ya mamake, au ana maambukizi. Andika saa ya kuzaliwa kwenye kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na uhesabu kwa saa.

Jumapili saa moja asubuhi mtoto wetu akatolewa kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu. Alikuwa amevaa shati na soksi na kofia, uso pekee ukiwa wazi, akapakatwa juani dakika kumi. Jumatatu tena, dakika kumi. Nyanya akatazama uso, akaona umetakata kidogo. "Unaona," akamwambia bintiye, "yanatoka."

Nataka tukae hapa, kwa sababu nyanya aliona kitu cha kweli na akakifasiri vibaya, na wenye makosa hayo si nyanya tu. Wako wauguzi na madaktari ambao hadi leo humwambia mama aende nyumbani akamwanike mtoto.

Imani ya jua ina asili yake hospitalini. Katikati ya miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, sista mmoja msimamizi wa wodi ya njiti, Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto uani wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umepauka isipokuwa kipande kimoja kilichobaki cha manjano kabisa. Kipande hicho kilikuwa kimefunikwa na pembe ya shuka. Baadaye pia waligundua kwamba chupa ya damu ya mtoto wa manjano ikiachwa dirishani penye jua, kipimo chake hushuka. Wakatengeneza mashine ya taa, na mwaka 1958 daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha matokeo yao. Taa za buluu unazoziona leo kwenye wodi za watoto wachanga zimetoka kwenye uani ule.

Kwa hiyo mwanga hutibu, hilo ni kweli. Mwanga wa buluu ukipiga ngozi huigeuza umbo bilirubini iliyo chini yake, ikawa ya namna inayokubali maji na kutoka mwilini bila kulisubiri ini. Tatizo la jua la asubuhi ni kipimo. Chini ya taa, mtoto hulala uchi, akiwa na nepi ndogo na kitambaa cha macho tu, taa ikiwa karibu, kwa saa nyingi mfululizo usiku na mchana, akitolewa kunyonya tu. Damu yake hupimwa mara kwa mara kuona kama inashuka. Linganisha na dakika kumi za uso peke yake, saa moja asubuhi, jua likiwa bado limelala na mwanga wake wa buluu ukiwa mchache. Ni kama kumtibu mgonjwa wa malaria kwa kumlambisha kidonge.

Kuna atakayeuliza kwa nini basi asianikwe uchi saa sita mchana, kwani jua la Malindi saa sita si haba. Buluu ipo ya kutosha, ndiyo, lakini inakuja pamoja na miale inayounguza ngozi na joto linalompandisha mtoto homa na kumkausha maji. Mtoto aliyekaukiwa maji hunyonya kidogo, hapati choo, na bilirubini inazidi kupanda. Jua limewahi kutumiwa kwa njia inayofaa: huko Nigeria watafiti walitengeneza mahema yenye karatasi maalumu za kuchuja miale mibaya na joto, wakawalaza watoto humo kwa saa nyingi kila siku, huku wakiwapima joto na damu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba njia hiyo haikuwa duni kuliko taa za kawaida. Lakini lile lilikuwa tiba ya hospitali iliyofanyiwa nje. Hakuna kiwanda cha nyumba kinachofanana nalo.

Sasa turudi kwenye kile alichokiona nyanya. Mwanga hupausha ngozi kwanza. Bilirubini ya kwenye ngozi iliyopigwa jua hubadilika, ngozi hiyo inatakata, ilhali damu inayozunguka ndani, ile inayofika kwenye ubongo, inaweza kuwa juu vilevile au inapanda. Hii ndiyo sababu mtoto akishawekwa kwenye taa sisi wenyewe huacha kumpima kwa macho na kutegemea damu tu. Uso wa yule mtoto ulikuwa umetakata kwa sababu uso ndio uliokuwa juani. Laiti wangemvua soksi wangeona nyayo.

Nakuomba mtoto umtoe kwenye mwanga, ila kwa kazi nyingine. Mpeleke kiwandani au kwenye daka mchana, kivulini penye mwanga mweupe, umvue nguo. Bonyeza kwa kidole ncha ya pua, kisha kifua, kisha juu ya goti, kisha unyayo. Kila mahali achilia na utazame rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Kwa watoto wetu weusi ngozi huficha, kwa hiyo tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Fanya hivyo kila siku kwa siku tano za kwanza. Ikiwa manjano yamefika viganjani au kwenye nyayo, usingoje kesho. Na jicho linakosea hata likiwa la daktari. Likishatia shaka, jibu liko kwenye damu au kwenye kile kifaa kinachobandikwa kifuani au kwenye paji la uso kupima rangi bila sindano, pale kilipo.

Jumatatu mchana mama aliona mtoto hajaamka kunyonya tangu alfajiri. Alimtekenya, akafungua jicho, akavuta mara tatu, akalala tena. Nepi ilikuwa na doa la rangi ya tofali badala ya mkojo. Nyanya akashauri apewe maji ya glukosi.

Maji haya nimeyapigania maisha yangu yote ya kazi. Dhana ni kwamba yatasafisha manjano, lakini tumeona kwamba bilirubini mbichi haikubali maji. Inatoka kwa choo, na kinacholeta choo ni maziwa, hasa dang'a, yale mazito ya siku za mwanzo ambayo yana nguvu ya kusukuma kile choo cheusi. Choo hicho kikikaa tumboni, bilirubini iliyomo hufyonzwa upya na kurudi kwenye damu. Tumbo la mtoto wa siku tatu ni dogo. Ukilijaza maji umemnyima maziwa, na umeongeza umanjano uliotaka kuupunguza. Dawa ni kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, na kama hawezi kuvuta, kumkamulia na kumpa kwa kikombe huku mkiwa njiani kwenda hospitali.

Walifika kwetu saa nane na nusu mchana. Mtoto alikuwa na saa 90 na ushei. Nyayo zilikuwa za manjano, mwili umelegea, kilo 2.8 zimekuwa 2.5. Damu ilionyesha bilirubini miligramu 22 kwa desilita. Karatasi nyingine za maabara huandika kipimo hichohicho kwa µmol/L, na hapo ingekuwa karibu 376, kwani kila miligramu 1 ni sawa na 17.1 kwa kipimo hicho. Nimewahi kuona wazazi wakizozana kwa kuwa mmoja alisoma 22 na mwingine 376, kila mmoja akidhani mwenzake amebeba karatasi ya mtoto wa watu.

Namba peke yake haina maana bila umri. Kwa mtoto mzima wa wiki kamili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tuliokuwa tukiutumia unataka taa kuanzia karibu miligramu 15 siku ya pili, 18 siku ya tatu na 20 kuanzia siku ya nne, na mtoto njiti au mgonjwa huanzishiwa chini ya hapo. Siku ya kwanza hakuna namba: manjano yakionekana tu, taa inawashwa huku damu ikisubiriwa. Karibu na 25 tunaanza kuzungumza kuhusu kubadilisha damu, yaani kuitoa kidogo kidogo na kumtia ya mwingine. Mtoto wetu alikuwa amevuka mstari wa taa na anausogelea huo mwingine, tena akiwa amelala kuliko kawaida. Taa iliwashwa kabla mama hajamaliza kuandikishwa.

Hofu yetu ni ubongo. Ubongo una mafuta mengi, na bilirubini ikizidi uwezo wa damu kuibeba huingia humo na kutulia katika sehemu zinazoongoza misuli na usikivu. Dalili huja kwa hatua. Kwanza mtoto huwa mzito wa kuamka, mlegevu, ananyonya ovyo. Hapa bado anaweza kuokolewa bila kilema. Kisha kilio chake hubadilika kikawa kikali na chembamba, anakakamaa, shingo na mgongo vinapinda nyuma kama upinde, na mara anapata homa au degedege.

Hatua hiyo ya pili ina jina huku kwetu. Watu wakiona mtoto amepinda mgongo, macho yamekwenda kando, husema amepitiwa na nyuni, na safari huanza kwa mganga. Sina haja ya kugombana na mtu kuhusu nyuni. Ninachojua ni kwamba mtoto mwenye manjano anayepinda mgongo ana bilirubini kwenye ubongo, au pepopunda, au uti wa mgongo umeingiwa na maambukizi, na yote matatu yanahesabiwa kwa saa. Anayepona bila kutibiwa mapema huweza kubaki kiziwi na viungo visivyomtii, huku akili yake ikiwa timamu na inaelewa kila kitu.

Baada ya saa sita chini ya taa, kipimo kilikuwa 20.4. Alfajiri ya Jumanne kikawa 17. Choo chake kilikuwa cha majimaji na kijani, jambo lililomtisha mama, lakini ndiyo bilirubini iliyokuwa ikitoka. Kosa dogo lililokaribia kutuharibia ni leso: mama alihisi mwanawe anaona baridi, akamfunika usiku. Mwanga haupiti kwenye leso. Chumba kikiwa na baridi, kinachopashwa joto ni chumba.

Kulikuwa na swali lililobaki. Ini changa na kunyonya kidogo havikutosha kueleza 22, na damu ya mtoto ilikuwa imepungua kuliko inavyotakiwa. Aina ya damu yake na ya mamake zililingana. Nikamuuliza mama kama ana ndugu wa kiume aliyewahi kukojoa mkojo mweusi. Akashangaa. Kaka yake, akasema, utotoni, alipopewa dawa fulani ya homa, alikojoa mkojo kama chai ya rangi na akaongezewa damu.

Chembe nyekundu zina kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachozikinga na vitu vikali. Kwenye maeneo yaliyoishi na malaria kwa karne nyingi, Pwani yetu ikiwamo, watu wengi wamerithi upungufu wake, kwa kuwa upungufu huo ulipunguza makali ya malaria. Hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata zaidi wavulana, ndiyo maana nilimuulizia mjomba wa mtoto. Mwenye upungufu huo huishi maisha yake yote bila kujua, mpaka akutane na kitu kinachozipasua chembe zake. Nikauliza nguo za mtoto zilitoka wapi. Zilikuwa za binamuye, zimehifadhiwa sandukuni miaka mitatu, na humo sandukuni kulikuwa na nafthalini, zile tembe nyeupe za kufukuza mende na nondo.

Harufu ya nafthalini huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na kwa mtoto mwenye upungufu huu inatosha kuanza kuivunja damu. Hina nayo ni vivyo hivyo: mama apakwe apendavyo, lakini isipakwe kwenye viganja, nyayo au utosi wa mtoto mchanga. Nguo za sandukuni zifuliwe na zianikwe juani siku kadhaa kabla ya kumvika. Huko ndiko jua linakofanya kazi yake vizuri.

Kipimo chake cha G6PD tulikirudia alipofika miezi mitatu. Kikifanywa damu ikiwa imetoka tu kuvunjika, huweza kuonekana cha kawaida, kwa sababu chembe dhaifu zimekwisha kupasuka na zilizobaki ni zile changa zenye nguvu.

Niseme haraka kuhusu manjano yasiyotaka kwisha. Yakipita siku 14 kwa mtoto wa wiki kamili, arudi kupimwa hata akiwa amenona. Mara nyingi ni maziwa ya mama tu na hakuna haja ya kuyakatisha. Lakini tazama choo. Kikiwa cheupe kama chokaa au udongo wa mfinyanzi, na mkojo unaacha doa la manjano kwenye nepi ilhali mkojo wa mtoto mchanga hauna rangi, basi mfereji wa nyongo huenda umeziba. Huo hutibiwa kwa upasuaji, na upasuaji huo hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya miezi miwili. Hapo ndipo arobaini huleta hasara, kwa kuwa familia husubiri itimie ndipo mtoto atoke.

Na kwa walio visiwani, hesabu ina kitu kingine. Kutoka Pate boti husubiri maji yajae. Mtoto akiwa na manjano siku ya kwanza, au yamefika nyayoni, au haamki kunyonya, aliye Pate aondoke na maji yaliyopo, kwa sababu yale yanayofuata yatamkuta baada ya saa kumi na mbili, na katika saa hizo kipimo cha 18 kinaweza kuwa 22.

Mtoto wetu alizimiwa taa Jumatano kipimo kikiwa 12. Tulimweka siku moja zaidi tukampima tena, kwani bilirubini hupenda kupanda kidogo taa ikizimwa, ikawa 12.8. Alipimwa masikio baadaye, anasikia. Siku anaruhusiwa, nyanya alikuja na mjomba wa mtoto, akamsukuma mbele ya meza yangu. "Mwanangu," akaniambia, "mtoe na huyu damu. Wiki ijayo anaanza kazi ya meli, nao huko huwapa dawa za malaria."